Maelezo ya dawa yako ya usingizi: zolpidemu miligramu 5

Mama, ndani ya pakiti kuna vidonge 14. Meza kimoja tu kwa usiku mmoja, kizima, kwa maji. Daktari ameanza na miligramu 5 kwa makusudi: kwa wanawake dawa hii hutoka mwilini polepole zaidi, na dozi kubwa huacha usingizi kichwani hadi asubuhi. Usijiongezee.

Imeze ukiwa umeshamaliza shughuli zote, mlango umefungwa, taa iko tayari kuzimwa. Huanza kazi ndani ya nusu saa hivi. Ukimeza kisha ukarudi jikoni au kwenye simu, unaweza kuyumba, kuanguka, au kufanya jambo usilolikumbuka kesho. Kula mapema, maana tumbo likijaa dawa huchelewa kufanya kazi, na hapo ndipo watu huongeza cha pili wakidhani cha kwanza kimekosa nguvu.

Unaamka saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo meza saa nne usiku. Kama imepita saa tano, acha usiku huo. Ukizinduka saa nane usiku, usimeze kingine. Umesema unaendesha gari kwenda shuleni: zipite saa nane tangu umeze, na hata hapo kama bado una uzito wa kichwa au macho hayaoni vizuri, panda daladala.

Pombe hapana kabisa, hata bia moja ya jioni. Ikichanganyika na dawa hii inaweza kudhoofisha pumzi ukiwa usingizini. Tramadoli, dawa za kikohozi zenye kodeini na diazepamu ni vivyo hivyo. Ile piritoni unayomeza ukiwa na mafua nayo inaleta usingizi, basi iweke kando kwa sasa. Amlodipini ya presha endelea nayo kama kawaida.

Mdomo mkavu, kizunguzungu au kichwa kuuma kidogo si jambo la kutisha. Lakini watu wa nyumbani wakikuambia ulitembea, ulipika au ulitoka nje ukiwa usingizini, usimeze tena hata kimoja. Tupigie siku hiyohiyo. Uso au ulimi ukivimba, au pumzi ikiwa nzito, nenda hospitali moja kwa moja. Kama unakoroma sana na kushtuka ukikosa hewa, au unahisi una mimba, niambie kabla hujaanza.

Dawa hii ni ya muda mfupi, haizidi wiki nne. Rudi kwa daktari vikibaki vidonge vitatu hivi, tusije tukakukatisha ghafla. Ukiacha, usiku mmoja au miwili usingizi unaweza kusumbua kuliko mwanzo. Huko ni mwili kuzoea, si sababu ya kununua pakiti nyingine.

Usimgawie jirani, na ifungie mbali na watoto.

Mfamasia, dirisha la dawa