Jibu: Diwani nakala 300 (ujumbe umefika nusu)

Habari za asubuhi Mwalimu, tumepokea ujumbe wako kwa shukrani, ila umekatikia kwenye maneno "jalada liwe la". Tafadhali tumalizie sehemu iliyobaki.

Kilichotufikia ni hiki, neno kwa neno:

"Naomba bei ya kuchapa diwani yangu, nakala 300, ukubwa wa A5, kurasa 96, karatasi ya ndani gramu 80 nyeupe, wino mweusi tu. Nimeambatisha faili. Jalada liwe la"

Hakuna kilichofuata, na faili halikuja. Huna haja ya kuandika upya: jibu hapahapa uanzie pale ulipoishia. Huenda kidole kiligusa kitufe cha kutuma, au Ctrl na Enter zilibonyezwa pamoja. Programu nyingi za barua pepe hutuma papo hapo kwa vitufe hivyo.

Tunauliza badala ya kukisia kwa sababu jalada ndilo linaloamua mambo mengi katika kazi hii. Tutajie uzito wa karatasi yake (kwa kitabu cha ukubwa huu gramu 250 hutosha, 300 ni imara zaidi ila hukunjika kwa ugumu), rangi ni upande wa nje tu au pande zote mbili, na utando wa plastiki wa juu uwe wa kung'aa au usiong'aa. Jalada lenye eneo kubwa jeusi au la rangi nzito likikosa utando huchubuka kwenye mkunjo na kuacha mstari mweupe, kwa hiyo kama lako ni la namna hiyo usiuache.

Jambo la pili ni namna ya kufunga kitabu. Kurasa 96 ni karatasi 48, na kwa gramu 80 unene wake ni karibu milimita 5. Tukikipiga pini katikati kitafutuka, na kurasa za ndani zitachomoza upande wa kufungulia. Zikisawazishwa kwa kisu, pambizo za kurasa za katikati zinapungua. Sisi tungekifunga kwa gundi. Lakini gundi hula sehemu ya ndani ya ukurasa, hivyo pambizo ya upande wa mgongo isipungue milimita 20. Kwenye mgongo wa milimita 5 jina la kitabu linaingia kwa shida: jalada likisogea milimita 1 tu wakati wa kubandika, maandishi yanahamia mbele au nyuma. Ukilitaka jina hapo, herufi ziwe ndogo na zikae katikati kabisa.

Faili la jalada liwe kipande kimoja: nyuma, mgongo, mbele. Upana ni 148 + 5 + 148, yaani milimita 301, na urefu 210. Ongeza milimita 3 za kukatwa kila upande, lifike 307 kwa 216. Bila ziada hiyo, kisu kikiyumba kidogo pembeni hubaki uzi mweupe. Ukibadilisha karatasi ya ndani, mgongo nao unabadilika, kwa hiyo usilikamilishe jalada kabla hatujakubaliana karatasi. Picha ya kujaza uso mzima wa mbele iwe na angalau pikseli 1748 kwa 2480, bila kuhesabu ziada ya kukata. Ikipungua sana hapo itaonekana na ukungu hata kama kwenye simu inapendeza.

Faili la ndani litume kama PDF yenye fonti zote ndani yake, si hati ya Word. Kwa mashairi hili ni la lazima: hati ya Word ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti yako, herufi hubadilika upana, mshororo wa mizani 16 unavunjika na utao unashuka mstari wa chini peke yake. Huenda faili lilikwama kwa ukubwa, maana barua pepe nyingi hukataa kinachozidi MB 25. Likiwa zito, tutumie kiungo cha kulipakua. Ukipitia WhatsApp, litume kama hati. Picha ikitumwa kama picha hubanwa, na ubora unaopotea haurudi.

Mwisho, ujumbe haukutaja tarehe unayotaka vitabu. Kama sentensi hiyo ilikuwa kwenye nusu iliyobaki, tunaisubiri.

Ukimalizia leo kabla ya saa kumi jioni, bei utaipata kesho asubuhi. Kama jalada bado hujaliamua, andika tu "jalada bado": tutakupa bei ya ndani peke yake, na ya jalada kwa gramu 250 na 300 kando, uchague.

Ahsante sana Mwalimu,
Dawati la kupokea kazi