Siku ya tatu, kabla hatujaingia majini: mazungumzo na wanafunzi wapya wa kuogelea, Jambiani

Asalaam alaykum, mama zangu, shoga zangu na wadogo zangu. Sogeeni hapa chini ya mvinje, jua limeshaanza kuuma. Vikapu wekeni huko nyuma. Na simu pia zibaki humo vikapuni. Tulikubaliana Jumatatu kwamba hapa hapapigwi picha wala haingii mwanamme, na mie nalilinda neno hilo.

Leo sina haraka ya kukuingizeni majini. Jana wanne mlibaki mchangani, na wengine watatu mliingia mpaka magotini mkarudi. Nimeona, na sikusema kitu kwa sababu nilitaka nilale nalo kwanza. Shangazi mmoja aliniambia njiani wakati tunarudi: "Mwanangu, mie nna miaka 56, kuogelea ni kwa watoto wa watalii." Shangazi, nakuomba unisikilize leo, kisha ukitaka kukaa hapa mchangani mpaka mwisho wa wiki, kaa, nami sitokufukuza.

Nyie bahari mnaijua kuliko mie. Kuna humu walioingia pwani kulima mwani tangu kilimo hiki kinaanza, mwaka 1989, hapa Jambiani na jirani zetu wa Paje. Mnajua bamvua na maji mafu bila ya kutazama kalenda. Mnajua ni saa ngapi mfereji utajaa na wapi mchanga umehama. Kitu msichokijua ni kimoja tu, nacho ni nini cha kufanya mguu ukikosa ardhi. Miaka yote hiyo mmeishi na bahari kwa sharti la kusimama. Na siku hizi sharti hilo linavunjika. Mwani wa kotoni umekataa maji mafupi, joto limezidi, unaoza kambani. Anayeitaka kotoni anaifuata kwenye kina, na huko vijiti na vigingi havisaidii. Kuna maboya, kuna mashua, na chini hapakanyagiki. Wanawake wengi wameiacha kotoni, wamebaki na mwani wa spinosamu wenye bei ndogo, na sababu mojawapo ni hii: hawajui kuogelea. Hilo linaniuma. Ndiyo maana mnaniona hapa kila asubuhi.

Na mie niliogopa. Nilikuwa na miaka 19, bamvua la mwezi mpevu, nimechelewa shambani nafunga mwani kambani kwa taitai za mwisho. Maji yakarudi. Mnajua yanavyorudi: huyaoni yakikujia mbele, yanapita nyuma yako, yanaujaza mfereji kwanza, kisha wewe umebaki upande wa huko. Nikaingia mferejini na kiroba cha mwani begani. Hatua ya tatu mguu haukukuta kitu. Jambo ninalolikumbuka mpaka leo ni kwamba kiroba sikukiachia. Nilikikumbatia kama mtoto, na chenyewe kilikuwa kizito kunishinda, kinanivuta. Kichwa nimekiinua juu kabisa natafuta mbingu, mkono mmoja unapiga maji, na kila nikipiga ndivyo nikizidi kwenda chini. Sikupiga ukelele. Watu wanadhani anayekufa maji anaita. Haiti, hana nafasi. Mdomo ukitoka juu unatafuta pumzi, hauna wasaa wa sauti. Mjomba mmoja alikuwa akipita na ngalawa akaninyooshea pondo. Nikalishika, akanivuta.

Wazee walisema mfa maji haachi kutapatapa, na walisema kweli tupu, walimwona. Lakini nakuombeni muisikilize methali hiyo kama fundi anavyosikiliza mashine. Anatapatapa, maana yake nini? Anasukuma maji chini ili kichwa kipande juu. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne au tano. Kikiwa kimelala ndani ya maji, maji yanakubebea. Ukikinyanyua nje, uzito wote huo unaurudishia mwili, na miguu inazama. Tena anayeogopa anafunga pumzi au anapumua juujuu, kifua hakijai. Kwa hiyo analofanya kujiokoa ndilo linalomzamisha.

Tazameni dumu hili. La lita tano, tupu, lina kifuniko. Nyie wenyewe mnayatumia kama maboya. Nalisukuma chini, mnaona linavyonipinga? Sasa nafungua kifuniko, nalijaza mpaka nusu. Limetulia, limeshuka, lakini halijazama. Kifua chako ni dumu. Mapafu yakijaa pumzi, mwili wa wengi wetu ni mwepesi kidogo kuliko maji ya bahari, na chumvi inatusaidia: lita moja ya maji ya kisima ni gramu 1,000, lita ya maji haya ni kama gramu 1,025. Ni kidogo, lakini inatosha. Na wale waliosema Jumatatu kwamba wao ni wanene watazama mwanzo, ni kinyume chake. Mafuta yanaelea. Shangazi zangu wenye miili ndio watakaoelea kabla ya hawa wasichana wembamba, mtaona.

Basi wiki hii hatuogelei. Sikutaka kukwambieni mapema, lakini sasa naona kutokujua ndiko kunakokutieni hofu. Hakuna atakayepelekwa mbali wala kusukumwa, na nikimwona mtu anamsukuma mwenzake kwa mzaha namtoa darasani siku hiyo hiyo. Wiki hii tunajifunza mambo matatu: kupuliza, kuelea na kusimama.

Kupuliza ni hivi. Maji yakufike kiunoni, mikono umeshikana na mwenzako. Unavuta pumzi kwa mdomo, unainama, uso unaingia majini, unapuliza kwa pua na mdomo polepole, kama unavyopuliza chai ya moto usimwage. Mapovu yakutoke. Usifunge pumzi. Ukiifunga, kifua kinaanza kukubana, na mbano huo ndio unaoleta kiwewe. Pua ikiwa inatoa pumzi, maji hayaingii. Fanya mara kumi. Macho yakikuwasha kwa chumvi yafumbe, hakuna dhambi.

Kuelea leo tutafanya chali. Mwenzako anakaa nyuma yako, viganja viwili chini ya mabega. Unalaza kisogo majini mpaka masikio yameingia, na hapo ndipo wengi watakaposhtuka, kwa sababu sauti zinapotea. Utasikia pumzi yako mwenyewe na kama vitu vidogo vinatatarika mbali. Sauti hiyo ni ya kawaida, bahari haiko kimya huko ndani. Tazama juu, kitovu kinyanyuke, pumzi ijae. Miguu ikining'inia kidogo, iache.

Kusimama ndiko ninakokutaka mkushike kuliko vyote, na walimu wengi wanakupita mbio. Mtu haogopi kuelea; anaogopa kwamba hatoweza kurudi. Kwa hiyo jueni njia ya kurudi kabla hamjaondoka. Ukiwa chali: kidevu kifuani, magoti yavute tumboni kama unataka kuketi kwenye kibao cha mbuzi, wakati huo huo viganja vinachota maji kutoka nyuma kuja mbele. Mwili utajigeuza wenyewe ukae wima. Miguu ishushe, kanyaga, kisha ndiyo unyanyue uso. Msianze na uso! Anayeanza na uso anarudi chini. Fanyeni hapa mchangani sasa hivi, mmekaa hivyo hivyo. Kidevu, magoti, mikono. Tena. Bibi, vizuri sana, mtazameni bibi.

Sasa nguo. Jana dira mbili zilinitisha. Dira likirowa linajaa maji, linajizungusha miguuni. Vaeni taiti na fulana ndefu ya kubana, na ushungi uliofungwa nyuma ya shingo, usio na ncha ya kuning'inia. Sitara inabaki, na mwili unakwenda. Asiye na taiti aniambie pembeni, ninazo tatu. Mwenye kifafa, pumu, presha au mimba naye anifuate pembeni kabla ya kuingia. Simkatazi mtu, lakini nataka nijue niwe karibu na nani. Na kesho Alkhamis, anayefunga sunna asiingie majini, akae atutazame na atuhesabie. Nataka kichwa chako kiwe kwenye kupuliza, si kwenye kuogopa kumeza.

Mmoja ameniuliza kwa nini tumeanza wiki hii na si wiki iliyopita. Leo ni siku ya 9 ya mwezi mwandamo, maji mafu. Kwenye bamvua hapa kwetu tofauti ya kujaa na kupwa inafika karibu meta nne, na maji yote hayo lazima yapite, yanavuta. Sasa hivi yanakwenda taratibu, kazi ya mwani imepungua, na tuna kina kimoja kwa muda mrefu. Yatamaliza kujaa kama saa nne na nusu. Nikipiga filimbi tunatoka sote, hata aliyekuwa amebakisha moja tu, kwa sababu maji yakianza kutoka yanaelekea mlangoni kwenye mwamba, na mie sifundishi mtu mpya kwenye maji yanayotoka.

La mwisho, na hili ni amri. Kila mtu na mwenzake, jicho halimtoki. Ukiona mwenzako amenyamaza, kichwa kimelala nyuma, mikono inakandamiza maji pembeni, usingoje aite. Na usimkumbatie! Atakupanda kama ngazi. Mrushie dumu, mpe ncha ya kanga, mpe kijiti, chochote kinachofika kabla ya mkono wako. Mie nilipewa pondo, na mjomba yule hata kanzu yake haikurowa.

Madumu yapo sita, kamba imefungwa pale kwenye kigingi. Wale wanne wa jana njooni kwangu, tutaingia pamoja mpaka magotini, tuketi kwenye mchanga, maji yatufike kifuani. Leo tunapuliza tukiwa tumeketi, wala kusimama hakutakiwi. Shangazi, nipe mkono. Tuanze na pumzi moja. Bismillahi.