Anaendelea Vizuri

Noti yangu ya kwanza wodini ilikuwa na mistari minne tu na niliikalia karibu nusu saa, peni inateleza kwa jasho, nikamaliza nikaipeleka kwa sista msimamizi nikiwa nimeridhika kabisa. Nilikuwa nimeandika hivi:

"Mgonjwa ameamka vizuri. Anaendelea vizuri, hana malalamiko. Saa 2 amepewa parasetamo. Kidonda kizuri."

Mgonjwa mwenyewe ni babu wa miaka 68, kitanda namba 6, jana yake kafanyiwa operesheni ya ngiri kwa sindano ya mgongoni.

Sista akasoma. Akarudia. Akaweka kidole kwenye saa 2.

"Saa 2 ya nani hii?"

"Ya asubuhi, sista."

"Wewe unajua ni ya asubuhi. Faili zetu ni saa 24, sasa mwenzako akija akaona saa 2 atajua ni 02:00, atahesabu masaa sita yamepita zamani, atampa gramu nyingine sasa hivi. Na hiyo ya kwanza umempa kiasi gani, hujaandika."

Nikanyamaza, maana ni kweli, ilikuwa gramu 1 na nilimpa 08:05, vyote ninavyo kichwani wala sio kwenye karatasi. Nikanyoosha mkono nichukue ile rangi nyeupe ya kufutia, akanishika kiganja taratibu tu. "Hapana mwanangu. Hapa hatufuti. Mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke, uandike 'kosa', saini yako na saa. Ukificha ulichoandika watauliza umeficha nini kingine."

Halafu akaenda pale paliponiuma zaidi. "Anaendelea vizuri. Umeona nini mpaka ukasema hivyo?"

Nikasema ameamka, ameniitikia salamu, amekunywa chai.

"Mpira wa mkojo ulitolewa saa ngapi?"

Nikafungua fomu ya usiku, 05:00. Saa ya ukutani ilikuwa 10:40.

"Tangu hapo amekojoa?"

Yaani nilihisi tumbo linanishuka, kwa sababu nilimuuliza kama ana shida akasema hapana, mjukuu wangu, nami nikaandika hana malalamiko nikaendelea na kitanda namba 7. Presha nilipima mwenyewe, 152/88 wakati usiku ilikuwa 128/76, mapigo 104, nikazijaza kwenye chati bila hata kujiuliza kwa nini zimepanda.

Tukaenda wote. Sista akavuta pazia, akaniambia muulize wewe, lakini uliza kwa jina la kitu chenyewe. Nikainama karibu na sikio lake nikamuuliza babu, umeenda haja ndogo tangu alfajiri? Akatazama pembeni. Akasema amejaribu mara mbili, hakitoki kitu, na hilo jambo utamwambiaje binti mdogo. Maumivu je, kati ya sifuri na kumi? Saba. Na sio kwenye mshono, ni chini ya kitovu.

Sista akanichukua vidole akaviweka pale. Pagumu, pamevimba kama bakuli lililofunikwa, nilipogusa tu babu akakunja uso. Siwezi kuusahau ule ugumu.

Tukamsaidia asimame, tukamwachia faragha, bomba likafunguliwa asikie maji yakitiririka, mkojo ukatoka matone tu. Daktari akaitwa, akaagiza mpira urudishwe, sista akauweka mimi nikishika taa na kuhesabu. Mililita 650. Babu akashusha pumzi ndefu akasema ahsanteni wanangu, akafumba macho.

Nikarudi mezani. Ile noti ya mwanzo nikaipiga mstari mmoja, inasomeka mpaka leo. Chini yake nikaandika:

"11:35. Mkojo haujatoka tangu mpira utolewe 05:00. Mgonjwa anasema amejaribu mara 2 bila kufanikiwa, maumivu chini ya kitovu 7/10. Kibofu kimejaa, kinauma kikiguswa. 10:00 presha 152/88, mapigo 104, joto 36.9. Bandeji kavu, haina damu. Amesaidiwa kusimama, matone tu. Daktari amejulishwa 10:55. Mpira umerudishwa 11:10 na sista msimamizi, umetoa ml 650, mkojo wa njano usio na damu. 11:30 maumivu 2/10, presha 130/78, mapigo 86. Parasetamo gramu 1 ya mdomo ilitolewa 08:05. Mpango: kupima mkojo kila saa, kuangalia kidonda. Amelala."

Sista akasoma kidole kikifuata kila neno. Kikasimama kwenye la mwisho.

"Amelala, au amefumba macho?"

"Amelala. Nimesimama pale nikahesabu pumzi dakika nzima, 16."

"Basi iandike hiyo 16."

Nikaiandika, nikaweka saini, akaweka na yake pembeni.