Uchambuzi wa Hitilafu na Athari: Mfumo wa Taarifa, Hospitali ya Wilaya, Pemba

Alama 1–10. Kipaumbele = ukali × utokeaji × ugunduzi; ugunduzi 10 maana yake kosa halionekani mpaka limfikie mgonjwa.

Mapokezi, kufungua faili la mtu mwingine: 9 × 6 × 7 = 378. Karani hutafuta kwa majina mawili, na kina Khamis Juma hapa ni wengi. Hatua: mfumo udai jina la babu, mwaka wa kuzaliwa na shehia, karani aulize, asimsomee mgonjwa aitikie tu. Baadaye: 9 × 2 × 4 = 72. Ukali haushuki, madhara ya kupewa dawa ya mwenzako ni yale yale.

Mzio kutohamishwa kutoka kadi za karatasi: 10 × 3 × 8 = 240. Ukali 9–10 hushughulikiwa hata namba ikiwa ndogo.

Umeme kukatika: 7 × 8 × 2 = 112. Hatua: betri ya seva ya dakika 30, fomu 50 za karatasi kila wodi.