Ripoti ya maendeleo ya masomo, Januari hadi Juni 2025

Shikamoo Mama, habari za Moshi, poleni na baridi. Samahani ripoti imechelewa wiki mbili, nilikuwa nasubiri vipimo vya mwisho vya Juni nisije nikakuandikia namba za kubahatisha.

Nianze na habari nzuri. Yale machujio ya ndoo ya kupunguza floraidi, yale madini ya kwenye maji yanayoharibu meno yakizidi, tumeshayaweka kwenye nyumba 24 huku upande wa Ngarenanyuki na Maji ya Chai, kila ndoo ina kilo 4 za mkaa wa mifupa, na yanafanya kazi. Kuna nyumba moja maji yao ya bomba yalikuwa na floraidi miligramu 6.8 kwa lita, na kiwango kinachotakiwa hakizidi 1.5, lakini baada ya kuchuja wiki ya kwanza yalishuka mpaka 0.4, nikarudia kupima mara tatu maana sikuamini. Ila wiki ya tisa ikapanda ikafika 1.7, maana yake mkaa umeshachoka unatakiwa ubadilishwe. Kwangu hilo ndo tokeo kubwa kuliko yote, kwa sababu watu wakishapewa ndoo wanajua imeisha hiyo, wanachota miaka na miaka, na floraidi haina rangi wala ladha, na kuchemsha ndo kabisa haisaidii, maji yakipungua sufuriani yenyewe inabaki palepale.

Kitu kingine sikukitegemea ni magadi. Mama mmoja watoto wake wana meno ya kahawia, wanachuja maji vizuri kabisa, halafu nikamkuta jikoni anapika maharage, akachota magadi kama nusu kijiko akatia yaive haraka. Magadi yenyewe yana floraidi! Nikaomba kipande nikakifunga kwenye nailoni nikaenda nacho maabara. Supavaiza amekubali niongeze sehemu ya chakula kwenye tasnifu.

Sasa machelewesho Mama, sitakuficha. Nipo nyuma karibu miezi minne. Kibali cha maadili ya utafiti kilikaa wiki saba, hapo sikuwa na la kufanya. Masika nayo Aprili barabara ya kule juu ilikuwa tope tupu, bodaboda mwenyewe alinishusha njiani akageuza, nikatembea na kidumu cha sampo begani. Na elektrodi ya kupimia floraidi ilikufa, ya chuo ilikuwa ya foleni ya watu kumi na kitu, ndo nikaagiza yangu Nairobi.

Lakini mwezi mzima wa Machi ni kosa langu mwenyewe. Nilichoma pipa zima la mifupa nikaacha hewa nyingi ikaingia, moto ukapitiliza, nafungua asubuhi mifupa yote myeupe kama chaki. Inatakiwa iwe myeusi, ikishakuwa myeupe hainasi floraidi vizuri, na isipoiva sawasawa maji yananuka. Nikaanza upya kuzunguka mabucha ya Usa River. Hapohapo kuna mzee alikataa ndoo mpaka ajue ni mifupa ya mnyama gani, nikamwonyesha risiti za bucha, ng'ombe watupu, ndo akapokea. Saa hizi risiti natembea nazo.

Kuhusu hela, ulinitumia 3,200,000. Ada 1,500,000, elektrodi 780,000, usafiri 560,000, mifupa na ndoo na kuni 245,000, imebaki 115,000. Elektrodi haikuwepo kwenye bajeti tuliyokubaliana, nilitoa kwenye fungu la kuchapisha tasnifu bila kukuuliza kwanza, naomba unisamehe kwa hilo, nilitakiwa kupiga simu.

Mbele huko, Julai nabadilisha mkaa kwenye ndoo zote, halafu Agosti na Septemba nachukua sampo za kiangazi, hizo lazima, kwa sababu mvua ikinyesha mito inajaa na floraidi inaonekana ndogo kuliko ilivyo, nikiishia na za masika peke yake watahini watanichana. Sura ya nne nimeshaanza, Oktoba namkabidhi supavaiza, kutetea nadhani ni Februari badala ya Oktoba hii.

Kwa hiyo Mama naomba mambo mawili. Moja, barua yako fupi tu ya kukubali niongeze semista moja, chuo kinataka iambatane na fomu na mwisho ni tarehe 18 Julai. Pili, kama inawezekana ile awamu ya Septemba unitangulizie 400,000 mwezi huu kwa ajili ya usafiri wa kiangazi, siombi nyongeza, utaikata hukohuko. Ikishindikana niambie tu, nitapunguza nyumba zibaki 16.

Picha za risiti nimeziambatanisha zote isipokuwa za bodaboda, wale hawatoi, nimeandika tarehe na safari kwenye daftari. Jumamosi ya tarehe 12 nashuka Moshi, nikikukuta nyumbani nitakuja na ndoo moja uione.

Mwanao, Tengeru