YAH: Maombi ya kutekelezewa dhamana ya mashine ya kukamua alizeti iliyoharibika ndani ya miezi mitano

Kikundi cha Wanawake Wakamuaji Alizeti,
Kibaigwa, Wilaya ya Kongwa,
Dodoma.
4 Agosti 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kiwanda cha Mashine za Kukamua Mafuta,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 14 Machi 2025 kikundi chetu cha wanawake saba kilinunua kwa wakala wenu wa Dodoma mjini mashine moja ya skrubu, yenye mota ya fezi tatu, namba 0417, kwa Sh 6,800,000. Kadi ya dhamana iliyogongwa muhuri wenu inasema miezi 12. Mashine ilisimama Jumanne, 22 Julai 2025, na hadi leo haijakamua hata punje.

Dalili zilianza mapema mwezi Julai. Gia boksi ilikuwa inapata moto kiasi kwamba mkono haukai juu yake, na mafuta ya gia yakaanza kuvuja kwenye sili upande wa skrubu. Mashudu nayo yalibadilika: ukiyafumbata yanakuachia mafuta kiganjani. Gunia la kilo 65 lililokuwa likitupa lita 17 likashuka hadi lita 12. Tulimpigia wakala tarehe 8 Julai, akasema mashine mpya huwa zinazoea, tuendelee. Tukaendelea. Siku ya tarehe 22, saa tano asubuhi, ulisikika mlio kama wa jiwe ndani ya debe, skrubu ikagoma, mkanda ukaanza kuungua.

Fundi wetu alizima umeme na kumwaga mafuta ya gia kwenye kopo la maziwa. Yalikuwa meusi, na ndani yake chembe za chuma ziking'aa kama magamba ya dagaa. Ukiishika shafti inayotoka kwenye gia boksi inacheza juu na chini, na pale funguo inapokaa kuna ufa unaoonekana kwa macho. Yeye anaamini beringi ya upande huo imekufa na meno ya gia yamelika. Hatukufungua chochote zaidi ya hapo. Nati zenye alama yenu ya rangi nyekundu ziko kama zilivyotoka kiwandani, mkaguzi wenu atazikuta.

Najua maswali mtakayouliza, kwa hiyo nayajibu mapema. Umeme ulipimwa na fundi siku ileile: fezi zote tatu zipo sawa, na mota ikivuliwa mkanda inazunguka vizuri. Mafuta ya gia tulibadilisha baada ya saa 50 za kwanza kama kitabu chenu kinavyoelekeza. Alizeti yote inachekechwa na kupitishwa kwenye sumaku kabla ya kumiminwa. Tulikuwa tukifanya kazi saa sita kwa siku, na kitabu kinaruhusu kumi. Yote haya yameandikwa kwenye daftari la mashine kwa tarehe.

Wakala sasa anasema dhamana haihusu beringi. Nimeisoma kadi mara nyingi: vitu vilivyoondolewa kwenye dhamana ni mkanda na vyuma vya kuchujia tu. Beringi, gia na shafti havimo kwenye orodha hiyo.

Tunaomba mtubadilishie gia boksi na shafti kwa gharama zenu, pamoja na nauli ya fundi wenu na usafirishaji. Kama ukaguzi utaonyesha kuwa skrubu nayo imeumia, tupewe mashine nyingine au turudishiwe fedha zetu. Tafadhali tujibuni kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Tukikosa jibu, tutapeleka malalamiko Tume ya Ushindani, jambo ambalo kwa kweli hatulitamani, kwa sababu tunachohitaji ni mashine ifanye kazi.

Huu ndio msimu wenyewe, Ndugu Meneja. Magunia 43 ya wakulima wa Mkoka, Mlali na Pandambili yapo uani kwetu chini ya turubai, na wenyewe wanakuja kila asubuhi kuuliza. Mashine tuliinunua kwa akiba yetu na mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, na marejesho ya mwezi hayasubiri gia boksi. Wanachama wawili wameshauza mbuzi ili tusikose rejesho la Julai.

Tunapatikana kwa namba ya simu iliyoandikwa kwenye kadi ya dhamana. Fundi wenu anaweza kuja siku yoyote, mashine ipo palepale ilipoharibikia.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mama Esta
Mwenyekiti wa Kikundi

Viambatanisho: nakala ya risiti ya EFD ya 14 Machi 2025, nakala ya kadi ya dhamana, maelezo ya fundi yenye saini, kurasa za daftari la mashine, Machi hadi Julai, picha sita za ufa, sili na nati, chupa ndogo ya mafuta ya gia yaliyomwagwa.

Nakala: Wakala, Dodoma mjini; Ofisi ya Maendeleo ya Jamii, Halmashauri ya Wilaya ya Kongwa.