Chujio la mchanga na mkaa: maji ya tope yanang'aa, lakini je, yananyweka?

Jina la faili: `chujio_mchanga_mkaa_toleo2.mp4` (halina jina la shule, darasa wala mtu)

Muda: 6:48

Maelezo

Huu ni mradi wangu wa sayansi wa sekondari. Nilikata kitako cha chupa ya plastiki ya lita 1.5, nikaigeuza mdomo chini, nikaijaza kwa tabaka: pamba mdomoni, mkaa uliopondwa, mchanga laini, mchanga mnene, na changarawe juu kabisa. Kisha nikamimina maji yaliyokorogwa na udongo wa mfinyanzi.

Bilauri ya kwanza ilitoka nyeusi kuliko ilivyoingia. Ni vumbi la mkaa, kwa sababu sikuuosha. Nimeiacha hiyo sehemu makusudi, maana ndiyo iliyonifundisha zaidi. Baada ya kuuosha mkaa mara tatu nilipima upya: karatasi yenye herufi X chini ya bilauri, unamimina maji taratibu mpaka X ipotee machoni. Maji ya tope yaliificha yakifika sentimita 3. Yaliyochujwa mara mbili yalijaa bilauri na X bado ikaonekana.

TAFADHALI SOMA HAPA KABLA YA KUJARIBU: maji haya hayanyweki. Chujio hili linazuia tope. Bakteria na virusi ni vidogo mno, vinapita, na mkaa wa jikoni haufanyi kazi sawa na mkaa ulioamilishwa wa viwandani. Anayetaka kuyanywa ayachemshe mpaka yatokote kabisa kwa dakika 1 nzima, au dakika 3 kama yuko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari.

Sura

00:00 Swali
00:41 Kukata chupa na kupanga tabaka
02:15 Bilauri nyeusi
03:30 Kuosha mkaa, kurudia jaribio
04:52 Kipimo cha herufi X
06:05 Kwa nini bado hayanyweki

Waliomo

Mikono utakayoiona ni yangu na ya wanafunzi wenzangu wanne. Hakuna uso, hakuna beji ya sare, na hakuna jina linalotajwa. Kila mmoja alikubali kwa maandishi, na mzazi au mlezi wake pia, baada ya kuitazama video nzima; kuambiwa tu "tutakurekodi" hakukutosha. Wa tano alikubali, halafu akabadili nia. Sehemu yake nimeikata na sikumwuliza sababu. Sauti zinazosoma vipimo zote ni zangu, nimezirekodi upya, kwa hiyo msishangae midomo haionekani.

Najua wengine wangependa kushukuriwa kwa majina. Tumeshukuriana darasani, inatosha.

Kuhusu toleo hili

Hili ni toleo la 2. La kwanza lilikaa hewani siku moja. Mwenzangu mmoja akaniambia nisimamishe picha kwenye 03:12 nitazame ukutani: orodha ya zamu za usafi, majina kamili ya darasa zima, yanasomeka bila shida. Mimi nilikuwa nimeitazama video hiyo zaidi ya mara kumi, macho yote kwenye chupa. Nikaifuta. Kutia ukungu hakukunitosha, kwa hiyo nilirekodi sehemu hiyo upya mbele ya ukuta mtupu. Kama una nakala ya toleo la kwanza, naomba uifute.

Mahali: pameachwa wazi. Simu ilikuwa imeandika mahali tuliporekodia ndani ya faili lenyewe. Nimepaondoa kabla ya kupakia.

Tarehe ya kurekodi: mwaka tu, 2025. Siku na saa zingeonyesha ratiba yetu.

Picha ya jalada: bilauri mbili juu ya karatasi ya X, moja nyeusi, moja safi.

Lugha: Kiswahili. Manukuu nimeyaandika mwenyewe. Yale ya kujiandika yalisikia "mkaa" kuwa "mkate".

Aina: Elimu

Lebo: chujio la maji, mchanga na mkaa, jaribio la sayansi, mradi wa shule, uchujaji, maji ya tope, sayansi kwa Kiswahili

Muziki: hakuna

Leseni: CC BY-NC-ND 4.0. Isambaze ilivyo, bila biashara, na usichapishe vipande ulivyovikata au kuvibadili. Mikono ya watu wengine imo humu, nisingependa kuikuta kwenye kichekesho. Mchoro wa tabaka kwenye 01:20 ni wangu peke yangu, huo chukua ubadili utakavyo.

Maoni: yamefungwa. Wenzangu wangeweza kutajana kwa majina huko bila kukusudia, na mimi nisingewahi kufuta yote.

Kuondolewa: mwenzangu yeyote akibadili nia baadaye aniambie mimi au mwalimu wa somo. Video itafichwa siku hiyo hiyo, kisha nitaikata upya.